Bangili na bilauri mbele ya dirisha

Bangili ya dhahabu iliyosuguliwa ikang'aa haina sura yake yenyewe mbele ya kamera. Ni kioo kilichokunjwa duara. Kila kinachoonekana juu yake, uwe weupe, weusi, mstari au doa la rangi, ni taswira ya kitu kingine kilichomo chumbani: dirisha, taa ya dari, ukuta, nguo ya mpigaji, na hata simu aliyoishika. Mbao, mkate au kitambaa hutawanya mwanga kila upande, ndiyo maana hupigwa picha kwa taa yoyote na vikaonekana. Metali laini haitawanyi. Huurudisha mwanga upande mmoja tu, kwa pembe ileile ulioingia nayo. Ule mwako mweupe unaoharibu picha ya pete, kwa hiyo, si kasoro ya pete wala ya simu. Ni taa ndogo na kali inayojiona kwenye kioo.

Hapo ndipo kazi nzima ilipo. Anayetaka kuondoa mwako hashughuliki na bangili, anashughulika na vitu ambavyo bangili inaviona. Wala hakusudii kuufuta mng'ao wote, kwa sababu dhahabu isiyoakisi chochote hugeuka kuwa plastiki ya manjano. Mng'ao haufutwi, unapangwa: pale palipokuwa na nukta kali iliyoungua panawekwa eneo pana jeupe lenye kingo laini, na kando yake weusi kidogo ili umbo lijitokeze.

Umbo la duara ndilo linaloleta ugumu. Kidani bapa huona upande mmoja tu, na kikiinamishwa kidogo mwako hukimbia. Bangili, pete na shanga za fedha zimebinuka kama kile kioo cha duara kinachowekwa kwenye kona ya duka ili muuzaji aone rafu zote kwa mpigo mmoja. Haziwezi kugeuzwa zikaacha kuiona taa. Zikigeuzwa, mwako unahama tu kutoka sehemu moja ya ubavu kwenda nyingine. Ndiyo maana mtu anaweza kuizungusha pete yake nusu saa nzima juu ya meza na bado nukta nyeupe ikawa ileile.

Dirisha linafaa kuliko taa yoyote ya nyumbani kwa sababu ya ukubwa wake, na ukubwa unaohesabika ni ule unaoonekana kutoka pale bangili ilipo. Dirisha lenye upana wa sentimita 120, bangili ikiwa sentimita 60 kutoka kwake, linachukua nyuzi 90, yaani robo ya duara lote linaloizunguka bangili. Meza ikisogezwa hadi mita 3 kutoka dirisha hilohilo, linabaki na nyuzi 23 hivi. Kwenye bangili, taswira ya dirisha la karibu ni utepe mpana unaofifia taratibu. Taswira ya dirisha la mbali ni kijiraba kidogo kikali. Balbu ya dari ni mbaya zaidi, kwa kuwa ni nukta tu. Na flashi ya simu ni nukta iliyokaa kando kabisa ya lenzi, mahali ambapo kitu kilichobinuka hakikosi kuirudisha moja kwa moja kwenye picha. Flashi izimwe, na taa zote za chumba zizimwe pamoja nayo.

Sababu nyingine ya kuzima taa ni rangi. Mwanga wa balbu nyingi za nyumbani una umanjano kuliko mwanga wa anga. Simu hujaribu kusawazisha rangi ya picha nzima, lakini haiwezi kusawazisha miwili kwa wakati mmoja: ubavu mmoja wa pete ya fedha utatoka na ubuluu na mwingine utatoka kama shaba. Mteja anayeitazama hatajua kama anaonyeshwa fedha au bati lililopakwa rangi.

Saa nayo ina neno lake. Kinachohitajika ni anga, si jua lenyewe. Jua likiingia moja kwa moja, mwako unarudi mkali kuliko wa balbu. Katika nyumba za Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, karibu na ikweta, jua la mchana huwa juu sana na halipenyi ndani mbali, kwa hiyo saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri hupatikana mwanga mzuri kwenye madirisha mengi. Dirisha la mashariki huachwa asubuhi na mapema, la magharibi huachwa jioni. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini na Desemba hukaa upande wa kusini, hivyo dirisha lililotumika vizuri mwezi mmoja linaweza kuleta mstari wa jua mezani miezi michache baadaye. Mawingu mepesi yaliyotanda sawasawa ni neema. Mawingu yaliyokatikakatika yanachosha, maana mwanga hupanda na kushuka kati ya picha moja na nyingine.

Madirisha ya kwetu yana jambo moja ambalo maelezo ya upigaji picha yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine hayalitaji kamwe: nondo. Bangili ikiwekwa karibu na dirisha lenye nondo, zile nondo zinajichora juu ya dhahabu moja baada ya nyingine, mistari myeusi iliyopinda kufuata ubavu. Mtazamaji hatambui kwamba ni nondo. Anaona bangili iliyokwaruzwa. Wavu wa mbu hulainisha kidogo, lakini hauzifichi. Dawa yake ni shuka jeupe la pamba, moja tu, lililonyooshwa kwa pasi na kutundikwa likakaza. Lisigusane na nondo. Lishuke ndani ya chumba sentimita 20 au 30 kutoka kwenye fremu. Shuka lililolala juu ya nondo huonyesha kivuli chake wazi, lakini lililojitenga nazo hukiyeyusha kile kivuli mpaka kipotee. Mikunjo ya shuka pia huonekana kwenye dhahabu, ndiyo maana pasi inatajwa. Rangi yake iwe nyeupe hasa, si maziwa wala krimu.

Baada ya shuka inafuata manila. Karatasi ngumu nyeupe iuzwayo kwenye maduka ya vifaa vya shule hugharimu kidogo, na moja hutoa vipande vya kutosha: kimoja cha kulazia kitu, viwili vya ubavuni vilivyokunjwa katikati kama kitabu ili visimame vyenyewe, kimoja cha juu, na kimoja cha mbele chenye tundu. Hicho cha mwisho ndicho watu wengi hawakijui, na ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote. Kitaelezwa mahali pake.

Kabla ya kupanga chochote, kitu kinasafishwa. Jicho la kawaida linasamehe alama za vidole. Simu haisamehi, kwa sababu picha ya bangili ya sentimita 6 itatazamwa ikiwa imejaza skrini nzima. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo na mswaki laini hutosha kwa dhahabu tupu. Lulu na vito vya gundi havitumbukizwi majini, vinafutwa tu. Baada ya kukaushwa, kitu hushikwa kwa kitambaa cha kufutia miwani mpaka kazi iishe. Lenzi ya simu nayo hufutwa kwa kitambaa hichohicho. Mafuta ya kidole juu ya lenzi hutandaza ukungu kuzunguka kila sehemu angavu, na ukungu huo hufanana sana na mwako unaotoka kwenye kitu chenyewe. Wengi huhangaika na bangili ilhali tatizo liko kwenye simu.

Tuchukue bangili moja ya dhahabu ya karati 22, pana kiasi cha sentimita moja, isiyo na nakshi isipokuwa mstari wa majani upande mmoja. Meza ndogo inasogezwa hadi sentimita 60 kutoka kwenye shuka, dirisha likiwa mkono wa kushoto wa mpigaji. Kipande cha kwanza cha manila kinalazwa mezani na ncha yake ya nyuma kuinuliwa kwenye mgongo wa vitabu, ikipanda taratibu bila kukunjika, ili nyuma ya bangili kusionekane mstari wa meza. Bangili inasimamishwa kwa chembe ya nta ya mshumaa iliyofinyangwa vidoleni na kubandikwa chini, upande usioonekana.

Picha ya kwanza, kabla ya kuongeza manila nyingine, inafaa kupigwa kwa ajili ya kujifunza tu. Ubavu wa kushoto una utepe mweupe mzuri, kazi ya dirisha na shuka. Ubavu wa kulia ni mweusi karibu wote, kwa kuwa unaona upande wa chumba usio na mwanga. Katikati, pale bangili inapomtazama mpigaji, kuna mistari mekundu. Ni khanga aliyovaa. Juu yake kuna kijiraba cheusi: ni simu, na vidole vinne vinavyoishika vinahesabika.

Kipande cha pili kinasimamishwa kulia, sentimita 10 hivi kutoka kwenye bangili, kikielekea dirishani. Hapohapo weusi wa kulia unageuka manjano tulivu, kwa maana sasa ubavu ule unaona karatasi iliyopokea mwanga wa dirisha. Kikisogezwa karibu kinang'aa zaidi, kikirudishwa nyuma kinafifia. Ni vizuri kikae mahali ambapo upande wa kulia unabaki hafifu kidogo kuliko wa kushoto, la sivyo bangili inaonekana bapa. Kipande cha juu kinalazwa kama paa juu ya rundo la vitabu na kile cha kulia, na kukifuta kile kiweusi cha dari kilichokuwa ukingoni.

Inabaki khanga na simu. Hapa ndipo kipande chenye tundu kinapoingia. Karatasi ya ukubwa wa A4 inatobolewa katikati tundu la sentimita 2, lenzi ya simu inaelekezwa kwenye tundu, na karatasi inabandikwa kwa selotepu nyuma ya simu. Sasa bangili ikimtazama mpigaji haimwoni yeye, inaona ukuta mweupe wenye nukta moja ndogo nyeusi. Nukta hiyo haitoweki, kwani lenzi lazima ipite mahali fulani, ila inaweza kupelekwa inakotakiwa. Simu ikiinuliwa kidogo, nukta nayo hupanda juu ya ubavu, ikishushwa, inashuka. Katika bangili hii inaongozwa mpaka iangukie kwenye ule mstari wa majani, ambako weusi mdogo hauonekani kuwa kosa, unaonekana kuwa kivuli cha nakshi. Simu yenye lenzi nyingi huhitaji tundu liangukie kwenye ile inayotumika, jambo linalojulikana kwa kuziba lenzi moja moja kwa kidole na kutazama skrini.

Matokeo ya kuzungusha manila pande zote ni picha safi na, mara nyingi, mfu. Bangili ni ya manjano, haina doa, na haina uhai. Dosari hii huwapata hasa wale waliofanya kila kitu kwa uangalifu, wakafikiri wamekosea mahali fulani, kumbe wamefaulu kupita kiasi. Metali inatambulikana kuwa metali kwa tofauti kali kati ya weupe na weusi unaokaa jirani yake. Utepe wa karatasi nyeusi wenye upana wa sentimita 2 unabandikwa wima juu ya manila ya kulia, na huku macho yako kwenye skrini unasogezwa mbele au nyuma. Mstari mwembamba wa weusi unatokea ubavuni, unafuata mviringo kutoka juu hadi chini, na ghafla dhahabu inakuwa nzito. Hapana chombo kingine katika kazi hii chenye thamani kama utepe huo.

Rangi ya dhahabu yenyewe inatokana na namna inavyonyonya sehemu ya mwanga wa buluu na kurudisha zaidi wekundu na umanjano, hivyo hata weupe wa manila hutoka juu yake ukiwa wa dhahabu. Ukuta wa kijani chumbani huifanya ionekane kama shaba iliyoanza kuota kutu. Fedha haina rangi ya kujitetea, inaonyesha kila kitu kama kilivyo, na kwa hiyo huhitaji manila nyingi zaidi na nguo nyeupe au nyeusi mwilini mwa mpigaji.

Simu ina tabia zake. Ikisogezwa karibu mno, simu nyingi za sasa huhamia zenyewe kwenye lenzi pana ya kupigia vitu vya karibu. Dalili yake ni picha kuruka kidogo kwenye skrini na sehemu ya mbele ya bangili kuvimba. Mbali na kuharibu umbo, ukaribu huo unaifanya simu yenyewe kuziba mwanga na taswira yake kuwa kubwa. Ni afadhali kurudi nyuma hadi sentimita 35 au 40 na kutumia 2x, kisha kukata kingo baadaye. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikikatwa hadi nusu ya upana na nusu ya urefu bado ina pikseli 2000 kwa 1500, nayo hutosha kabisa kwa tangazo la kutumwa kwa simu.

Kidole kinabonyeza ukingo wa mbele wa bangili kwenye skrini na kukaa hapo mpaka fokasi ifungwe. Kwenye iPhone hutokea maneno AE/AF LOCK. Kwenye simu nyingine nyingi hutokea alama ya kufuli. Kisha mwangaza unateremshwa au kupandishwa kwa kuvuta kidole. Hapa simu hudanganywa na weupe. Ikiona karatasi nyeupe imejaza fremu hudhani kuna mwanga mwingi mno, nayo hupunguza. Manila inatoka ya kijivu. Ikipandishwa mpaka manila iwe nyeupe kabisa, sehemu angavu za dhahabu huungua na kupoteza rangi. Kipimo cha kufuata ni dhahabu. Mwangaza upandishwe mpaka utepe mweupe wa ubavuni ukaribie kupoteza umanjano wake, usipoteze, na manila ikibaki kijivu kidogo irekebishwe baadaye. Kijivu hurekebishika, ila kilichoungua hakina tena habari yoyote ndani yake na hakuna programu itakayokirudisha kama kilivyokuwa. Simu iegemezwe kwenye vitabu na kuwekewa sekunde 3 za kuchelewa, ili isitikiswe na kidole kinachobonyeza.

Ikitokea doa ambalo asili yake haijulikani, kuna njia rahisi ya kulisaka. Mtu mmoja anatazama skrini, mwingine anatembeza kiganja polepole kuizunguka bangili, juu, kushoto, kulia, nyuma ya simu. Doa likizimika, kinachosababisha kiko nyuma ya kiganja kilipo. Mara nyingi huwa ni kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: jiko la bati lililoachwa wazi, skrini ya televisheni, ufa wa mlango. Kipande cha manila kinapelekwa hapo, au mlango unafungwa.

Vito vilivyokatwa vinapinga nusu ya haya yote. Tanzaniti au almasi yenye nyuso nyingi hung'ara kwa sababu kila uso hurusha mwanga upande wake, na kumetameta huko huhitaji chanzo kidogo na kikali. Ikizungukwa na weupe kila upande, inakuwa kama kipande cha barafu. Suluhisho ni kuacha manila zihudumie metali, kisha kupeleka kwenye jiwe miale michache tu: kioo kidogo cha mkononi kilichowekwa karibu na dirisha, nje ya shuka, hupokea anga moja kwa moja na kukitupia kito mwanga mwembamba. Kioo hugeuzwageuzwa hadi nyuso mbili tatu ziwake. Zikiwaka zote, zimezidi.

Bilauri huanza upya kabisa. Metali hurudisha karibu mwanga wote unaoipiga. Glasi inayotazamwa uso kwa uso hurudisha asilimia 4 hivi kwa kila uso, na unaobaki hupita. Kwa hiyo kinachoonekana kwenye glasi ni kile kilichoko nyuma yake, kikiwa kimepindishwa. Bilauri iliyowekwa mbele ya manila nyeupe na kumulikwa kutoka ubavuni hupotea: mwili wake ni mweupe juu ya weupe, na kilichobaki ni mwako wa dirisha ubavuni. Kuongeza manila hakusaidii. Glasi haihitaji kumulikwa, inahitaji kuchorewa kingo.

Njia ya kwanza huchora kingo nyeusi. Meza inageuzwa ili dirisha liwe nyuma ya bilauri, na shuka likiwa limetundikwa vilevile. Bilauri ya urefu wa sentimita 14 inakaa sentimita 40 mbele ya shuka, simu sentimita 50 mbele ya bilauri, lenzi ikiwa sawa na katikati ya bilauri. Kwa wakati huu kingo zake zinafifia, kwa kuwa shuka ni pana na glasi inalipindisha kutoka kila upande mpaka ukingoni. Kisha linaletwa buibui jeusi, au kitambaa chochote cheusi kisichong'aa, na kutandazwa juu ya migongo ya viti viwili, kimoja kila upande, vikisogezwa taratibu kuelekea katikati mpaka viwe karibu kuingia kwenye fremu. Kadiri vinavyokaribia, kingo za bilauri zinakolea. Zinaanza kijivu, zinakuwa wino, na mwisho bilauri nzima inasimama kama iliyochorwa kwa kalamu juu ya karatasi. Sababu ni kwamba ukingo wa glasi hupinda mwanga sana, na hivyo huleta kwenye kamera kile kilichoko kando, nje ya picha. Kando kukiwa cheusi, ukingo ni mweusi. Weupe ulio nyuma unatakiwa kuijaza fremu na kuzidi kidogo tu. Kila sentimita ya ziada inaula mstari.

Njia ya pili ni kinyume chake. Viti vinaondolewa, na kwenye shuka, nyuma kabisa ya bilauri, inatundikwa karatasi nyeusi yenye ukubwa wa kuijaza fremu na si zaidi. Mwanga wa dirisha unapita pembeni mwa karatasi hiyo, unapindwa na kingo, nazo zinawaka nyeupe juu ya weusi. Njia hii ndiyo ya glasi yenye nakshi za kukatwa, kwa kuwa kila mchoro unashika mwanga wake. Ubaya wake ni kwamba huonyesha kila chembe ya vumbi na kila unyuzi ulioachwa na kitambaa cha kukaushia. Bilauri ioshwe kwa maji ya moto yenye siki kidogo, ikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na ishikwe kwenye kitako.

Katika njia zote mbili mwako unaosalia hutoka mbele, upande wa mpigaji. Ile asilimia 4 ni ndogo, lakini juu ya mandhari nyeusi inatosha kuonyesha dirisha la pili la chumba au uso wa mtu. Pazia za madirisha mengine zifungwe na mpigaji avae nguo nyeusi. Kwa glasi, karatasi yenye tundu iliyofunika simu iwe nyeusi pia, kinyume kabisa na bangili. Miwani ya jua ya aina inayokata mwako juu ya maji, lenzi yake ikishikwa mbele ya simu na kuzungushwa, husaidia kwa glasi bapa inayotazamwa kwa upande, na nguvu yake huwa kubwa zaidi takriban nyuzi 56 kutoka kwenye mstari ulio wima juu ya uso wa glasi. Kwa dhahabu na fedha miwani hiyo haifai kitu, kwa sababu mwako wa metali hauna ule mpangilio wa mwanga unaochujwa na miwani.

Bilauri iliyojaa maji hufanya kazi kama lenzi nzito na kugeuza kushoto kuwa kulia. Buibui la kushoto litaonekana ndani ya maji upande wa kulia, na fremu ya dirisha ambayo haimo kwenye picha inaweza kujitokeza katikati ya kinywaji. Marekebisho hufanywa kwa kutazama ndani ya maji na kusogeza kiti cha upande wa pili. Chupa ya marashi yenye rangi ina dawa yake. Ikipigwa juu ya mandhari nyeusi, dirisha likiwa ubavuni, marashi yanakuwa meusi kama wino. Kipande cha manila kinakatwa kwa umbo la chupa, kidogo kuliko chupa yenyewe, na kuegemezwa nyuma yake kikiwa kimeelekea dirishani kwa nyuzi 45 hivi. Mwanga unagonga karatasi, unarudi kupitia marashi, na rangi yake inafunguka kutoka ndani. Karatasi ikichungulia ubavuni mwa chupa, hupunguzwa kwa mkasi milimita moja moja mpaka isionekane.